Neno Moja la Mwaka, na Hesabu ya Kila Miezi Mitatu

 

Katika darsa yetu ya baada ya swala ya alasiri, dada mmoja wa mwaka wa pili aliuliza swali ambalo muda haukutosha kulijibu. Alisema kila mwaka anaandika maazimio kwenye simu yake, na kila mwaka orodha hiyo inakufa kabla hajarudishiwa koswaki ya kwanza. Je, aache kuazimia kabisa? Nilimjibu kwa ufupi kwamba asiache, ila afute orodha na kuandika neno moja. Wengi walibaki wakitazamana, na adhana ya magharibi ikatukuta hapo. Basi haya ndiyo maelezo.

Orodha hizo nimeonyeshwa nyingi, na karibu zote zinafanana: kumaliza Qur'ani kila mwezi, kufunga Jumatatu na Alhamisi, tahajudi, kuhifadhi Juzuu Amma, kupata daraja la kwanza, kuweka akiba ya laki moja kila mwezi, kupunguza simu, kufanya mazoezi, kujifunza Kiarabu. Hakuna hata moja lililo baya. Tatizo ni kwamba kila moja linadai saa yake ndani ya siku ileile, na siku ya mwanafunzi wa Kampala imekwishaliwa na mihadhara, foleni ya magari na kupika hosteli. Tena azimio lina hali mbili tu, limetimizwa au limevunjika. Likivunjika moja katika wiki ya pili, mtu huona haya kuifungua orodha, na yale manane mengine hufa bila kosa lao.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Abdullah bin Amr bin al-Aas (R.A.) alikuwa kijana mwenye bidii kuliko sisi sote tukikusanywa. Alikuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Baba yake alimwoza mke wa Kikuraishi, na alipomuuliza mkwewe kuhusu mumewe, mama yule alimsifu kwa maneno ambayo ndani yake mna malalamiko: ni mtu mwema, lakini tangu waoane hajakaribia kitanda. Habari zikamfikia Mtume (S.A.W.). Angalia alivyotibiwa. Hakusifiwa kwa wingi wa ibada. Alikumbushwa kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, mkewe ana haki na mgeni wake ana haki, kisha akaelekezwa afunge siku tatu kila mwezi. Yeye akasema anaweza zaidi. Akaongezewa, akasema anaweza zaidi, mpaka akafikishwa kwenye funga ya Nabii Daudi (A.S.), kufunga siku moja na kula siku moja, na akaambiwa hapo ndipo mwisho.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia, na mimi naona uzito wa kisa uko mbele yake. Abdullah alizeeka. Nguvu zilipopungua alisema laiti angeikubali ile ruhusa ya mwanzo. Hata hivyo hakupenda kuacha jambo aliloachana na Mtume akiwa nalo. Basi alipozidiwa alikuwa akila siku kadhaa mfululizo, akizihesabu, kisha akifunga idadi ileile baadaye. Hakuziacha siku hizo zipite kwa makisio. Alijua deni lake ni siku ngapi.

Kuna kisa kingine kifupi, nacho kimo katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) wasia, akaambiwa asikasirike. Akarudia ombi lake mara kadhaa, bila shaka akitaraji kuongezewa, na kila mara jibu likawa lilelile. Ni jambo moja, lakini fikiria linavyomfuata mtu huyo nyumbani, sokoni na kwenye baraza. Hilo ndilo ninaloliita neno la mwaka. Halikuambii ufanye nini saa kumi alfajiri. Linakuuliza swali lilelile popote ulipo.

Namna ya kulichagua: usilitafute katika mambo unayoyapenda. Litafute pale unapolaumiwa mara kwa mara, na mwenye kulaumu awe mtu mwenye haki juu yako. Kisha lipitishe sehemu nne, yaani msikitini, darasani, mfukoni na nyumbani. Neno likishindwa kuuliza kitu katika mojawapo ya sehemu hizo, ni jembamba mno. "Tahajudi" ni amali tukufu lakini si neno la mwaka, kwa kuwa haina la kukuuliza mbele ya muuza duka anayekudai. Na likiwa pana kupita kiasi nalo halifai. "Kuwa Muislamu bora" haliwezi kukushtaki kwa lolote, maana daima utapata kitu kimoja ulichokifanya vizuri ukajiridhisha nacho. Amana, ulimi, wakati, subira, shukrani: haya ni maneno yanayoweza kusimama mbele yako na kukushika shati.

Sasa, mwaka uanze lini? Usiku wa tarehe 31 Desemba mji huu unawaka fataki, na majirani zetu Wakristo wanakesha makanisani mwao. Wengi wetu huandika maazimio usiku huo kwa sababu tu kila mtu anaandika. Sitaki kufungua mjadala wa hukumu hapa. Nataka kuwaonyesha kalenda ambayo lugha hii ya Kiswahili imetuhifadhia, na ambayo wengi wetu tuliolelewa huku bara hatukufundishwa.

Wazee wa pwani, Mombasa, Lamu na Unguja, waliihesabu miezi ya Kiislamu kwa kuanzia kwenye Idi. Shawwal wakaiita Mfungo Mosi. Dhulqaada ni Mfungo Pili, Dhulhijja ni Mfungo Tatu, Muharram ni Mfungo Nne, na hesabu inaendelea hivyo hadi Jumada ya pili, ambayo ni Mfungo Tisa. Baada ya hapo namba zinakwisha, na miezi mitatu iliyobaki, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, inaitwa kwa majina yake. Itazame vizuri. Mwaka umejigawa wenyewe: hesabu ya kwanza mwisho wa Mfungo Tatu, ya pili mwisho wa Mfungo Sita, ya tatu mwisho wa Mfungo Tisa, na ya nne katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambapo moyo tayari umelainika. Anayeanza Mfungo Mosi anaanza akiwa ametoka kwenye mwezi mzima wa mazoezi. Anayeanza Januari anaanza akiwa ametoka likizo.

Tahadhari moja tu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, kwa hiyo tarehe za hesabu zitasogea ndani ya semista mwaka hadi mwaka. Mwaka huu zimetuangukia vizuri. Idi ilikuwa mwishoni mwa Machi 2025, Mfungo Tatu ukaisha mwishoni mwa Juni baada ya mitihani, na Mfungo Sita ukaisha mwishoni mwa Septemba. Miaka michache ijayo hesabu moja inaweza kuangukia wiki ya mitihani. Hapo isogeze mbele kwa wiki moja, uiandike tarehe mpya, wala usiifute.

Kuhusu hesabu yenyewe, Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111 Miladia) ameiandikia kitabu kizima ndani ya Ihyau Ulumid-Din. Anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara uliyemkabidhi mtaji. Kwanza mnawekeana sharti, kisha unamwangalia anavyofanya kazi, kisha mnakaa kuhesabu. Mtaji ni faradhi, faida ni sunna, na hasara ni maasi. Mwenye duka Kikuubo anauelewa mfano huu kuliko sisi wanafunzi. Siku ya hesabu hamwulizi kijana wa stoo kama ameuza vizuri. Anafungua daftari, anahesabu katoni zilizobaki, kisha analinganisha. Mshirika wako anapokujibu "nimejitahidi", bado hujapewa hesabu.

Nitawapa kisa cha ndugu mmoja ambaye ameniruhusu nikisimulie bila jina lake wala la chuo chake. Baada ya Idi alichagua neno "amana". Hakulichagua kwa sababu ni zuri. Mama yake, anayeuza mchele Iganga, alikuwa amezoea kumuuliza kila anapompigia simu: ile pesa umefika nayo wapi? Akaniomba niwe mtu wa kukaa naye kila hesabu.

Mwishoni mwa Juni alikuja na karatasi yenye mistari minne. Swala: nimejitahidi. Masomo: vizuri. Fedha: Alhamdulillahi. Nyumbani: salama. Nilimwambia karatasi hii haina namba hata moja, wala jina la mtu hata mmoja, kwa hiyo hatujaanza. Nikamwomba afungue orodha ya miamala ya pesa za simu, aisome mwenyewe, na mimi nisiiangalie.

Alisoma kimya kwa muda mrefu. Mwezi wa Aprili mama alituma 600,000 kwa ajili ya ada. Chuo kilipokea 350,000. Kiasi cha 150,000 kilikwenda kwa rafiki anayeanza kuuza viatu vya mitumba, kwa ahadi ya kurudishiwa baada ya wiki mbili. Na 100,000 ilitoka kidogokidogo, mara 11, kwa roleksi, boda na bando za intaneti. Mama alijua ada imelipwa yote. Mitihani aliruhusiwa kuifanya kwa barua ya kuahidi kulipa. Na mtu huyu alikuwa akiswali jamaa, akifundisha watoto Qur'ani Jumapili, na kwenye karatasi yake fedha zilikuwa Alhamdulillahi. Sisemi hivyo kumdharau. Hakuwa amekusudia kunidanganya. Kumbukumbu yake ilihifadhi ile siku aliyolipa 350,000 kwa furaha, na zile mara 11 haikuzihifadhi. Ndiyo maana hesabu haifanywi kwa kumbukumbu.

Tangu hapo nimeshika mashahidi watatu kwa kila hesabu, na nawashauri muwashike. Wa kwanza ni maandishi ambayo hukuyaandika wewe: miamala, alama za koswaki, saa ambazo simu yenyewe inaonyesha umeitazama. Wa pili ni alama ulizoweka siku ileile, si baada ya mwezi. Wa tatu ni mtu mwenye haki juu yako katika neno hilo, ambaye unamwuliza swali moja kisha unanyamaza usijitetee. Katika kisa chetu shahidi wa tatu alikuwa mama, na ndiye aliyeogopwa zaidi.

Hapakuwa na haja ya kubadilisha neno. Vijana wengi hesabu ya kwanza ikiwaumiza hukimbilia neno jipya, leo amana, kesho shukrani, na huko ni kuhama nyumba ili usilipe kodi. Linalofaa ni kulipunguza upana. Kwa miezi mitatu iliyofuata, amana ilimaanisha mambo matatu tu. Kwanza, kumwambia mama kabla hajatuma tena. Pili, ada isipite mikononi mwake: atoe namba ya malipo ya chuo, mama amlipie moja kwa moja kwa simu kutoka Iganga. Tatu, kurudisha zile 250,000 kwa kazi ya mikono yake. Juu ya hayo akaongeza kuweka alama ya swala ya alfajiri iliyoswaliwa ndani ya wakati, kwa kuwa na wakati ni amana.

Hapo kwenye alfajiri niseme neno. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Wenzetu wanaosoma London alfajiri inawahama kwa saa kadhaa kati ya kiangazi na baridi. Kampala, kwa mwaka mzima, inacheza kwa takriban nusu saa tu, kati ya saa kumi na moja na robo na saa kumi na mbili kasorobo. Basi mtu wa hapa akisema alfajiri ina saa ngumu kuizoea, hilo si jibu. Aulizwe alilala saa ngapi.

Mwishoni mwa Septemba tulikaa tena. Safari hii karatasi ilikuwa mbaya kwa sura na nzuri kwa ukweli. Mama aliambiwa, tena kwa uso, si kwa simu. Alinyamaza siku mbili kisha akampigia kumuuliza kama amekula. Ada ya semista mpya alilipa yeye mwenyewe. Kijana alipata kazi ya Jumamosi katika duka la kuchapa na kutoa nakala pale Wandegeya, akilipwa 10,000 kwa siku. Jumamosi mbili hakwenda, 10 alikwenda, hiyo ni 100,000. Rafiki wa viatu alirudisha 50,000. Deni likabaki 100,000. Alfajiri ndani ya wakati: siku 52 kati ya 88. Niliuliza zile 36 zimekaa vipi, akaziangalia, na nyingi zilikuwa Jumapili na Jumatatu, baada ya usiku wa mechi. Hakuandika "nimejitahidi". Aliandika "36, mpira".

Kuna mipaka miwili ambayo nisipoitaja nitakuwa nimewadhuru.

Wa kwanza: uaminifu katika hesabu haumaanishi kufichua kila dhambi mbele ya mwenzako. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuhusu mtu ambaye Allah amemsitiri usiku, naye asubuhi akaipasua sitara hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Lililo kati yako na Mola wako lipeleke kwenye sijida, uandike kwenye daftari alama unayoielewa wewe peke yako, ukatubie. Unaloliweka mezani ni lile linalohusu haki za watu na lile unalohitaji kusaidiwa. Ndiyo maana sikuitazama simu ya yule ndugu. Dada zangu, wakati mwingine mnaulizana mambo katika vikundi vyenu kwa jina la kunasihiana, na swali lenyewe ndilo linalopasua sitara.

Wa pili: msilifanye neno la mwaka kuwa kiapo wala nadhiri. Nawasikia mkisema, "Wallahi mwaka huu sitaikosa alfajiri hata moja." Ukiapa hivyo kwa kukusudia, kisha ukavunja, inakulazimu kafara, nayo ni kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu. Mwanafunzi aliyeanza mwaka kwa kutaka kujirekebisha anaumaliza akiwa na deni la kafara juu ya deni la swala. Sema inshallah, kama tulivyofundishwa katika Suratul Kahf, na uliweke sharti lako kwenye karatasi, si kwenye kiapo.

Je, kuna wakati wa kubadilisha neno katikati? Ndiyo, pale Allah anapokuletea wajibu mpya ambao neno la zamani haliufikii: mzazi kuugua, msiba, mtoto kuzaliwa. Hapo andika tarehe na sababu, na deni la neno la kwanza lihamishie ukurasa mpya likiwa na idadi yake, kama Abdullah bin Amr alivyozibeba siku zake.

Dada aliyeuliza swali alinitumia ujumbe juzi. Amefuta orodha yake na kuandika "ulimi". Anataka kujua kama aanze sasa, au asubiri Mfungo Mosi ambao utakuja mwezi Machi 2026. Aanze sasa, na mwaka wake wa kwanza uwe mfupi. Hesabu yake ya kwanza itakuwa mwisho wa Mfungo Tisa, yaani karibu tarehe 20 Desemba, naye ameshamchagua shahidi wake wa tatu: binti wanayelala chumba kimoja, ambaye hawajasemeshana tangu Agosti.

Wabillahi tawfiq.